Wau na yodi za ziada katika gombo la Isaya

Swali: Nimelinganisha picha za gombo kubwa la Isaya la Kumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, na Biblia ya Kiebrania iliyochapwa. Gombo lina wau na yodi nyingi zaidi. Je, maneno yamebadilishwa, au ni tahajia tu?

Jibu: Mara nyingi ni tahajia tu, ndugu yangu. Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti, kisha polepole herufi kama wau, yodi na he zikatumika pia kuonyesha irabu, kama zilivyo herufi za madda kwa aliyesoma Kurani. Neno lenye herufi hizo wataalamu huliita *male*, yaani limejaa. Lisilo nazo huitwa *haser*, pungufu. Jina la Daudi katika Isaya iliyochapwa ni daleti, wau, daleti. Gombo hilo, la karne ya 2 KK, huongeza yodi kabla ya daleti ya mwisho, kama vitabu vya Mambo ya Nyakati vinavyofanya. Daudi ni yuleyule.

Lakini fungua Isaya 40:6. Sauti inaamuru, "Lia!", kisha kuna mtu anayejibu. Biblia iliyochapwa ina herufi nne: wau, alefu, mem, reshi. Bila nukta za irabu, herufi hizo husomeka "naye akasema" au "nami nikasema". Wamasora, wanakili wa Kiyahudi walioweka nukta hizo karne nyingi baada ya gombo kunakiliwa, walichagua "naye akasema". Gombo lina wau, alefu, wau, mem, reshi, he. Ile wau ya pili inaonyesha sauti "o", na hapo msomaji hana tena njia mbili: ni "nikasema". Tafsiri ya kale ya Kigiriki nayo ina "nikasema". Kwa hiyo anayejibu ni msemaji mwenyewe, naye anaingia ndani ya tukio.

Tenganisha herufi hizo mbili za ziada. Wau ni tahajia. Inafunua usomaji ambao herufi nne tayari ziliuruhusu. He ya mwisho ni zaidi ya hapo, kwa kuwa ni umbo refu la kitenzi cha nafsi ya kwanza. Ukiiondoa wau neno halibadiliki, ila ukiiondoa he umegusa umbo lenyewe.

Hata hivyo, herufi ya ziada inatuambia mnakili, au waliomtangulia, walivyolielewa neno. Haithibitishi mwandishi wa kwanza alikusudia nini. Wala usikadirie umri wa gombo kwa kuhesabu wau zake: pango la kwanza la Kumrani, lilikotoka gombo hili, lilitoa pia gombo jingine la Isaya, lenye tahajia iliyo karibu sana na ile ya Wamasora. Umri hupimwa kwanza kwa umbo la mwandiko.

Na kwenye picha zako, kuwa mwangalifu: katika miandiko mingi ya Kumrani wau na yodi hufanana mno. Kabla ya kusema umeona tofauti, tafuta wau na yodi zisizo na shaka katika safu hiyohiyo, kisha ulinganishe urefu wa mguu na umbo la kichwa.