Kwa mnunuzi aliyetaja 45

Swali la wiki: "Mnunuzi amekuandikia barua pepe akitaja bei ya chini sana. Unamjibuje kwa bei yako bila kumfukuza na bila kuonekana umechukia?"

Wengi watajibu kwa kutaja maneno ya upole. Mimi sioni kama upole ndio unaokosekana. Wanaouza kwa barua pepe tayari ni wapole, tena kupita kiasi: "Nashukuru sana kwa ofa yako, samahani sana, kwa bahati mbaya bei hiyo ni ya chini mno, naamini utanielewa." Isome sentensi hiyo kwa macho ya mnunuzi. Ina shukrani, ina radhi, ina manung'uniko kwa mbali, lakini haina kitu cha kujibu. Hakuulizwa lolote, wala hakupewa bei ya kukubali au kukataa. Ataifunga aende kwa muuzaji mwingine, na wewe utabaki ukijiuliza ni neno gani lililomuudhi.

Kwa hiyo nitajibu jambo lililo jirani na swali lenu: barua hiyo ya kwanza ibebe namba au ibebe swali? Msimamo wangu wa siku zote ni swali. Bei ya chini sana mara nyingi ni matokeo ya hesabu ambayo mnunuzi ameifanya kichwani bila kukuonyesha. Amekata gharama za vitu anavyodhani vimeharibika au vimepungua. Ukijua alikata wapi, unaweza kumrekebishia hesabu yake, na bei itapanda yenyewe bila ninyi kubishana.

Nitatoa mfano wa overloki ya nyuzi nne, mashine ya kukata na kushona ukingo wa kitambaa, niliyoiuza pamoja na meza yake. Bei zote nitazigeuza ziwe sehemu ya mia ya bei niliyotangaza, maana kinachofundisha hapa ni uwiano. Nilitangaza 100. Fundi mmoja anayenunua mashine zilizotumika alikuwa ameniambia ataichukua kwa 80 wakati wowote, kwa hiyo 80 ndiyo ilikuwa sakafu yangu. Chini ya hapo nisingekuwa na sababu ya kumuuzia mtu mwingine yeyote.

Barua ikaja: "Nimeona tangazo la overloki. Nina 45 taslimu, naweza kuja kuchukua leo." Haina salamu wala jina.

Angalia hesabu kabla ya hasira. Katikati ya 45 na 100 ni 72.5. Watu wawili wanaopunguziana hatua kwa hatua huelekea katikati hata bila kukusudia, kwa hiyo kama ningejibu papo hapo kwa 95, katikati ingekuwa 70, bado chini ya sakafu. Ili katikati ifike hata 80 tu ningelazimika kutaja 115, yaani kupandisha bei yangu mwenyewe, jambo ambalo hakuna mnunuzi angelivumilia. Hapo ndipo nilipoona kwamba namba niliyopaswa kuigusa kwanza ni ile 45 yake.

Nikamwandikia hivi:

"Habari ndugu. Asante kwa kuniandikia na kwa kuwa tayari kuja mapema. Bei yako na yangu ziko mbali, na huenda kuna kitu ambacho tangazo halikukuonyesha. Katika hesabu yako, kuna sehemu ya mashine uliyopanga kuibadilisha au kuitengeneza? Niambie ni ipi, nikutumie picha au video yake leo jioni."

Sikuirudia 45 mahali popote. Ujumbe wake wa awali, ule ambao programu ya barua pepe huuweka chini ya jibu, niliufuta ili akisoma asiione namba yake ikimtazama tena. Kichwa cha barua nilikiacha kama alivyokiandika, asipate shida kuitafuta. Na "ziko mbali" nililichagua kwa makusudi badala ya "ya chini mno", kwa sababu umbali ni wa wote wawili, lakini "chini mno" ni hukumu juu yake.

Jibu lake lilikuwa refu kuliko barua ya kwanza, na hapo hali ya hewa ilibadilika. Alikuwa fundi nguo mwenye hesabu zake. Mota ya overloki hukaa chini ya meza, na picha ya tangazo ilipigwa kwa mbele, kwa hiyo yeye alichukulia ni mota ya klachi ya zamani. Alikuwa amekata bei ya mota mpya ya sevo pamoja na kazi ya kuifunga. Kisha akakata visu, kwa kudhani vimeisha makali. Mwisho akakata usafiri wa meza, ambayo ni nzito na haiingii kwenye gari dogo ikiwa imesimama.

Wanaozijua hizi mota wanajua tofauti iko masikioni. Ya klachi ukishawasha swichi inaunguruma muda wote, hata kama mguu hauko kwenye pedali, na umeme unaliwa. Ya sevo hunyamaza mpaka ukanyage. Yangu ilikuwa ya sevo. Nikamrekodia video fupi: kidole kinawasha swichi, taa inawaka, kimya. Mguu unakanyaga kidogo, mashine inashona polepole. Mguu unatoka, kimya tena. Nikaongeza picha ya kibao cha mota chini ya meza, kisha kipande cha kitambaa chepesi na kimoja cha jinzi, vyote vimekatwa ukingo na mashine hiyo hiyo, ili visu avihukumu mwenyewe. Kwenye kitambaa chepesi ndipo kisu kibovu hujulikana, kwa sababu hakikati, kinatafuna, na ukingo unatoka na manyoya. Wangu ulitoka safi.

Akajibu: "Basi naweza kufika 70."

Bado sikuwa nimetaja bei yoyote mpya, na alikuwa amepanda kwa 25. Sasa ndipo namba yangu ikaingia: "Nitakuachia kwa 93 ukiichukua kabla ya Jumamosi, na nitakufungia visu vipya." Katikati ya 70 na 93 ni 81.5, juu ya sakafu. Akaja na 78. Nikashuka hadi 89, malipo yote taslimu siku ya kuchukua. Akaja na 83. Nikashuka hadi 87, ila visu vibaki vilivyopo. Akakubali 87, akaomba tu akute nimekwisha kutenganisha kichwa cha mashine na meza ili vipakiwe kirahisi.

Tazama nilivyoshuka: 7, halafu 4, halafu 2. Hatua zinazopungua zinamwambia mnunuzi kwamba mwisho uko karibu, na huna haja ya kuandika "bei ya mwisho", maneno ambayo ukiyatumia kisha ukashuka tena hatakuamini tena. Na kila hatua ilikuwa na kitu upande wa pili: siku ya kuchukua, namna ya kulipa, visu. Ukishuka bure, mnunuzi anajifunza kwamba kusubiri kunalipa.

Nilikaa kuandika nikiwa na nia ya kuishia hapo na kusema: ulizeni kwanza. Lakini kila nikiisoma hadithi hii naona ilifaulu kwa sababu huyu bwana alikuwa na hesabu. Wapo wasio nayo. Wanatuma mstari mmoja kwa wauzaji wengi wakisubiri atakayelegea. Ukimuuliza huyo amekata gharama gani, anajibu maneno mawili: "Mwisho ngapi?" Hapo swali lako limekula zamu yako, na bei pekee inayoonekana kwenye mazungumzo ni yake.

Na namba inayoachwa peke yake ina nguvu. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio ambalo washiriki walizungushiwa gurudumu la namba lililopangwa kusimama kwenye 10 au 65, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Waliopata 10, kadirio lao la kati lilikuwa 25. Waliopata 65, lilikuwa 45. Kila mtu aliona kwamba gurudumu halijui lolote kuhusu Umoja wa Mataifa, lakini liliwavuta. Kama gurudumu linavuta hivyo, 45 ya mnunuzi aliyeona picha ya mashine yangu inanivuta mimi pia, na inamvuta yeye zaidi kila siku inayopita bila namba nyingine kando yake. Watafiti Adam Galinsky na Thomas Mussweiler walionyesha mwaka 2001 kwamba mvuto wa bei ya kwanza unapungua anayeipokea akielekeza mawazo kwenye lengo lake mwenyewe. Ndiyo maana sakafu na lengo viandikwe kwenye karatasi kabla ya kufungua barua ya mtu.

Kwa hiyo, nikilazimishwa kutoa jibu moja kwa asiyejua mnunuzi wake ni wa aina gani, na kwa barua pepe huwezi kujua, sasa nasema namba iingie kwenye barua ya kwanza na swali liifuate. Namba hiyo iwe bei yako uliyotangaza, bila kushuka hata kidogo, kwa sababu bado hujapewa sababu ya kushuka:

"Habari ndugu. Asante kwa kuniandikia. Mashine naiuza 100, pamoja na meza na mota ya sevo. Bei yako iko mbali na hapo, kwa hiyo nataka kujua kama kuna sehemu uliyopanga kuitengeneza. Niambie, nikutumie video yake leo jioni. Tukielewana juu ya hali yake, siku ya kuchukua na malipo tunaweza kuvizungumza."

Sentensi ya mwisho inamwambia kwamba nafasi ipo, bila kusema ipo kiasi gani.

Bado ninaacha mlango kwa njia yangu ya zamani. Kitu ambacho hali yake haionekani kwenye picha, na mnunuzi ambaye maneno yake yanaonyesha anaifahamu kazi, swali tupu linaweza kufanya vizuri zaidi, maana anayejua kazi akiulizwa huona ameheshimiwa. Kitu ambacho bei yake inajulikana na kila mtu, swali halina kazi, taja bei tu. Na kama sakafu yako iko karibu sana na bei uliyotangaza, sema mapema kwamba unaweza kushuka kidogo tu, asije akapanda hatua tatu kisha akakuta ukuta.

Akirudi na 45 ile ile baada ya video na maelezo yote, usimwandikie aya. "Kwa bei hiyo sitaweza, ndugu. 100 iko wazi mpaka Ijumaa. Ukiweza kusogea kabla ya hapo, niandikie hapa hapa." Ijumaa ikifika, mpigie yule wa 80.