Mzigo uliotoka Kariakoo haujafika Morogoro: uko wapi kwenye hesabu?

Ukianza kazi ya stoo kwenye duka lenye matawi, uhamisho wa bidhaa utauona kama kazi ndogo: punguza huku, ongeza kule. Hapo ndipo mali inapopotelea. Kati ya "huku" na "kule" kuna gari, dereva, foleni ya Kibaha, na wakati mwingine usiku mzima. Kwa muda huo mzigo hauko tawi la kwanza wala la pili, lakini bado ni mali ya duka. Ndiyo maana mfumo una hali ya tatu, "njiani". Ichukulie kama stoo kamili isiyo na milango: kinachoingia humo lazima kitoke, na kila kinapotoka kijulikane kimekwenda wapi.

Tuchukue duka la vifaa vya umeme lenye stoo kuu Kariakoo na tawi Morogoro. Hati ya uhamisho inasema hivi: balbu za wati 9, pisi 200, balbu za wati 12, pisi 100, waya wa milimita 2.5, rola 10. Soketi pacha, pisi 60. Balbu zimefungwa katoni za pisi 100, soketi boksi za pisi 20. Kwa hiyo gari linabeba katoni 3, rola 10 na boksi 3, jumla vifurushi 16. Idadi hiyo ya vifurushi iandikwe chini ya hati pamoja na idadi ya pisi, kwa sababu dereva hawezi kuhesabu balbu zilizo ndani ya katoni iliyofungwa. Anachoweza kukubali kwa saini yake ni vifurushi 16, basi.

Bidhaa ziingie "njiani" pale zinapopakiwa, si pale hati inapoandikwa. Watu wengi huandaa hati Ijumaa jioni na kuithibitisha papo hapo, gari linaondoka Jumatatu. Jumamosi mteja anakuja Kariakoo, muuzaji anaziona balbu kwenye rafu na kuziuza, huku mfumo ukisema zimeshaondoka. Matokeo yake ni salio hasi Kariakoo na upungufu Morogoro, na wa Morogoro ndiye atakayeulizwa. Hati iache kwenye rasimu mpaka gari lipakiwe. Nakala moja aende nayo dereva: huu si uuzaji, hakuna risiti ya EFD, kwa hiyo akisimamishwa njiani karatasi hiyo ndiyo inayoeleza mzigo ni wa nani na unakwenda wapi.

Mzigo ukifika Morogoro, kuna hesabu mbili na usizichanganye. Ya kwanza ni ya vifurushi, dereva akiwa bado amesimama hapo. Ya pili ni ya pisi, baada ya kufungua. Kwenye hii ya pili, mpe anayehesabu karatasi yenye majina ya bidhaa bila idadi. Aliyeona "200" ataona katoni mbili, ataandika 200 na kwenda kunywa chai. Asiyejua idadi atasoma lebo ya kila katoni, na leo lebo ndizo zenye neno.

Hesabu ya Morogoro imetoka hivi. Wati 9, pisi 100. Wati 12, pisi 200. Waya, rola 9. Soketi zote 60, lakini 4 zimepasuka. Vifurushi vilikuwa 15 badala ya 16, na dereva amesaini hivyo. Neno "pungufu rola 1" liandikwe kwenye hati mbele yake. Ukisaini "mzigo umepokelewa" kisha ukapiga simu kesho yake, huna ushahidi.

Tuseme gharama ya balbu ya wati 9 ni shilingi 1,500, ya wati 12 ni 2,000, na rola ya waya ni 95,000. Ukitazama jumla ya pesa tu, utaona pengo la 45,000, ambalo halifiki hata bei ya rola moja. Sababu ni kwamba balbu 100 za bei ya juu zilizokuja kwa makosa zimefunika 50,000 ya rola iliyopotea. Kwa hiyo tofauti zisomwe bidhaa kwa bidhaa, kamwe zisisomwe kwa jumla ya pesa.

Anza na balbu. Upungufu wa 100 upande mmoja na ziada ya 100 upande wa pili, kwa bidhaa zenye katoni zinazofanana, ni dalili ya katoni iliyobadilishwa wakati wa kupakia. Usiamini dalili peke yake. Omba Kariakoo wahesabu balbu za aina hizo mbili tu. Ikiwa ni kweli, watakuta wati 9 zimezidi 100 kuliko mfumo unavyosema, na wati 12 zimepungua 100. Hapo Morogoro apokee pisi 100 za wati 9 na zile 100 za wati 12 zilizo kwenye hati, na 100 za wati 9 zilizobaki "njiani" zirudishwe Kariakoo. Halafu Kariakoo atoe hati ya nyongeza ya pisi 100 za wati 12, Morogoro azipokee. Njia ya mkato ni kila tawi kurekebisha salio lake mwenyewe. Namba zitakaa sawa, lakini "njiani" zitabaki balbu 100 ambazo hazipo popote duniani.

Soketi ni rahisi. Pokea zote 60, kwa sababu zote zimefika, kisha hamisha 4 kwenda sehemu ya bidhaa mbovu ili zisiuzwe. Ukipokea 56 utakuwa umesema 4 zilipotea, na picha ya zilizopasuka itapingana na hati yako.

Rola ndiyo yenye uzito. Pokea 9, moja ibaki "njiani" kwanza. Kariakoo wahesabu rola zao siku hiyo hiyo, kabla mauzo hayajachafua hesabu. Ikionekana rola moja ya ziada, haikupakiwa. Irudishwe kwao kwenye mfumo. Hesabu yao ikilingana na mfumo, basi ilitoka stoo na haikufika, na kwa kuwa dereva alisaini vifurushi 16 akakabidhi 15, swali ni lake. Kuifuta kama hasara au kumdai dereva ni uamuzi wa meneja, si wa mpokeaji wala wa mtumaji. Na hati ya kwanza isiguswe: ukibadilisha 10 kuwa 9 ili "ifanane", umefuta alama pekee ya kwamba kitu kilipotea.

Kuna tofauti moja isiyohusu wizi wala ajali, na hutokea sana: kipimo. Mtumaji ameandika 2 akimaanisha katoni, mfumo unahesabu pisi, Morogoro wanapokea 200. Ukiona ziada kubwa kama hiyo, zidisha namba ya hati kwa idadi ya pisi za katoni kabla ya kumtilia mtu shaka.

Kila asubuhi fungua orodha ya "njiani". Kariakoo hadi Morogoro ni safari ya siku moja, kwa hiyo hati yenye siku tatu ama haijapokelewa kwenye mfumo ingawa bidhaa zinauzwa, ama ina mabaki ya tofauti ambayo hayajaamuliwa. Mwisho wa mwezi, thamani ya mali ni Kariakoo, Morogoro na "njiani" kwa pamoja. Lakini mali ya "njiani" huwezi kwenda kuihesabu kwa mkono, kwa hiyo kila mstari uliobaki humo uwe na hati, na jina la mtu anayeushughulikia.