Ukisifiwa kwa Kichina: ukatae, au useme tu xièxie, yaani asante?

Nilipokuwa nasoma Jinhua, mkoa wa Zhejiang, mwisho wa wiki nilikuwa nakwenda Yiwu kuwafanyia ukalimani wafanyabiashara wa kwetu. Jumamosi moja nilikuwa soko la Futian na mama mmoja wa Kariakoo anayeuza vibanio vya nywele kwa jumla. Bei ilikuwa karibu kuelewana. Mwenye duka, mama wa Kichina wa makamo, akanigeukia akasema: "Nǐ de Zhōngwén shuō de zhēn hǎo!" Yaani Kichina chako kizuri kwelikweli.

Mimi nilishafundishwa kwamba Mchina hapokei sifa hivihivi. Nikapunga mkono kwa unyenyekevu: "Bù hǎo, bù hǎo!" Si kizuri, si kizuri.

Sasa, yule mama wa Kariakoo alikuwa na maneno yake matano ya Kichina ya kuendea sokoni, na mawili kati ya hayo ni hǎo na bù hǎo. Akakirudisha kibanio mezani, akafunga mkoba. "Mwanangu, kama mzigo ni mbovu si useme mapema tukaondoka?" Ilinichukua muda kumweleza kwamba kibovu nilichokuwa nakisema ni Kichina changu. Hilo nalo halikunisaidia, maana alinitazama kwa jicho la mtu anayejiuliza analipia nini.

Nilikosea mara mbili pale. Kwanza, bù hǎo tupu si jibu la adabu, ni hukumu. Pili, hata kama ningetumia maneno sahihi, pale hapakuwa mahali pa kukataa. Nilikuwa nalipwa kwa sababu ya Kichina changu, na aliyenilipa amesimama pembeni yangu.

Tuanze na maneno yenyewe. Jibu ambalo karibu kila kitabu cha wanaoanza kinalo ni 哪里哪里, nǎli nǎli. Maana yake ya neno kwa neno ni "wapi, wapi?", kama sisi tunavyosema "wapi bwana!" mtu akitukweza. Hapa tuna bahati, kwa sababu Mswahili analielewa neno hili bila kuelezwa. Wageni wengine linawashinda. Wachina wana mzaha wao wa zamani kuhusu mgeni aliyemsifu bibi harusi kwamba ni mzuri, bwana harusi akajibu nǎli nǎli, na mgeni, akidhani ameulizwa "wapi?", akaanza kutaja: macho, nywele, pua.

Angalia sauti yake. Ingawa kwenye kitabu silabi ya kwanza ina alama ya toni ya tatu, mdomoni inapanda kama toni ya pili, kama mtu anayeuliza. Ukiiteremsha kwa ghafla inakuwa nàli, yaani "pale". Utakuwa umesifiwa, ukajibu "pale, pale".

Lakini nǎli nǎli ya kitabuni utaisikia zaidi kwa watu wazima na kwenye mazungumzo rasmi kidogo. Nilipolitumia kwa wenzangu wa bwenini walicheka, wakasema nazungumza kama kitabu. Wao walikuwa wanasema 没有没有, méiyǒu méiyǒu, "hamna, hamna", tena kwa haraka na kwa tabasamu. Au wanasema xièxie, basi.

Hilo la xièxie lina historia fupi inayofaa kujulikana. Mwaka 1993 mtafiti Rong Chen alichapisha utafiti alioufanya kwa wanafunzi wa chuo mjini Xi'an, mkoa wa Shaanxi, akiwauliza wangejibu nini wakisifiwa. Zaidi ya asilimia 95 ya majibu yalikuwa ya kukataa sifa. Mwaka 2010 yeye na mwenzake Dafu Yang wakachapisha matokeo ya zoezi hilohilo, mji uleule, wanafunzi wengine. Safari hii zaidi ya asilimia 60 ya majibu yalikuwa ya kupokea. Ni kweli hao ni wanafunzi, tena wanajibu kwa maandishi. Bibi wa kijijini Shaanxi huenda hajabadilika kiasi hicho. Lakini ukifundishwa leo kwamba xièxie ni majivuno, jua unafundishwa Uchina wa wazazi wa hao unaozungumza nao.

Kwa hiyo nilipomaliza masomo nilikuwa nimeacha kujiuliza "nikatae au nipokee?" Swali langu likawa: sifa hii inatoka kwa nani, na inasifu nini?

Akikusifu mwalimu au mtu mzima kwa jambo ulilojifunza, unyenyekevu bado ndio wenye ladha. Ila si wa kujiponda. Jibu tamu kuliko yote ninayoyajua ni 是老师教得好, shì lǎoshī jiāo de hǎo, "ni mwalimu ndiye anayefundisha vizuri". Hukuikataa sifa wala hukuimeza, umeirudisha ilikotoka. Mara ya kwanza kulitumia, mwalimu wangu wa sarufi, mama mkali asiyecheka ovyo, alinyamaza kidogo kisha akaanza kukusanya vitabu vyake huku anatabasamu. Kwa mkubwa usiyesoma kwake, yapo 您过奖了, nín guòjiǎng le, "umenisifu kupita kiasi", na 还差得远呢, hái chà de yuǎn ne, "bado niko mbali sana". Hili la mwisho ni zuri kwa lugha, muziki, maandishi ya brashi, chochote ambacho kujifunza kwake hakuishi. Kuna pia 不敢当, bù gǎndāng, "sithubutu kustahili hilo", lakini hilo ni zito. Liweke kwa siku utakayoitwa mtaalamu mbele ya watu. Ukilitoa kwa sababu umesifiwa viatu, ni kama kumjibu mtu wa daladala kwa Kiswahili cha utenzi.

Akikusifu rika lako kwa nguo, nywele au simu, sema xièxie. Unaweza kuongeza neno dogo la kuishusha: 网上买的, wǎngshang mǎi de, "nimenunua mtandaoni", hata bei ukataja, si aibu kule. Ni ileile "mtumba tu huu" yetu, ambayo tunaisema huku tumenyoosha bega nguo ionekane vizuri. Usichofanya ni kusema bù hǎokàn, "haipendezi". Hapo unamwambia mwenzako hana macho, na unamlazimisha abishane nawe kwa ajili ya gauni lako.

Bosi akikusifu kazini mbele ya wenzako, kumkatalia ni kosa zaidi. Amesimama kutoa hukumu yake hadharani, nawe unamwambia amekosea. Wachina niliofanya kazi nao hapa Dar es Salaam walikuwa wanapokea kisha wanagawa: 谢谢领导,这是大家一起努力的结果, xièxie lǐngdǎo, zhè shì dàjiā yìqǐ nǔlì de jiéguǒ, "asante kiongozi, haya ni matunda ya juhudi zetu sote". Shukrani kwanza, sifa kwa wote baadaye, kisha unakaa.

Na kuna sifa ambayo si yako. Hii ndiyo iliyowahi kunigombanisha na mtu. Tulikaribisha wageni chumbani, mwenzangu wa Chongqing akapika, mgeni akanigeukia mimi akasema chakula kitamu. Mimi kwa mazoea nikasema "hapana, cha kawaida tu". Mwenye sufuria alikuwa nyuma yangu. Unyenyekevu unaugusa mfuko wako mwenyewe, hauingii mfuko wa jirani. Mzee wa Kichina anaweza kushusha sifa za mwanawe, na zamani kulikuwa na neno rasmi kabisa la kumtaja mtoto wako wa kiume mbele ya mgeni, 犬子, quǎnzǐ, ambalo ukilivunja ni "mtoto mbwa". Lakini huyo ni baba, na mtoto ni wake. Kazi ya mwenzako, mke wa rafiki yako, bidhaa za tajiri yako, vyote hivyo vikisifiwa unashukuru au unaitikia.

Sasa kuhusu mgeni anayesifiwa Kichina chake, maana hiyo ndiyo itakayokukuta kila siku. Utasema nǐ hǎo tu kwa dereva wa teksi, naye ataruka: "Kichina chako kizuri mno!" Hiyo ni salamu. Usianze kukana kwa sentensi tatu zilizonyooka, kwa sababu kadiri unavyokana kwa ufasaha ndivyo unavyojisuta. Mimi nilikuja kutulia kwenye 谢谢,还在学, xièxie, hái zài xué, "asante, bado najifunza". Linapokea, linashusha, na linaisha. Ndilo nililopaswa kusema siku ile Futian: mwenye duka angeridhika, na mama wangu wa Kariakoo asingesikia bù hǎo yoyote.

Utajuaje kwamba umekataa kupita kiasi? Kawaida sifa ina ngazi tatu: anakusifu, unakataa kidogo, anasema 你太谦虚了, nǐ tài qiānxū le, "una unyenyekevu mno". Hapo ndipo mlango wa kutokea. Cheka, sema xièxie, badilisha mazungumzo. Ukikataa tena baada ya hapo, utaona anaanza kuleta ushahidi ("hapana, hata matamshi yako, hata toni zako"), sauti inakuwa ya mtu anayefanya kazi, na macho yanaanza kutafuta pengine pa kwenda. Wenyewe hawamhesabu mtu kama huyo kuwa mnyenyekevu. Wanaona anaomba nyongeza.

Yule mama wa Kariakoo alirudi Yiwu mwaka uliofuata, na safari hiyo alinitaka nimfundishe neno moja la kujibu, kwa sababu wenye maduka walikuwa wanamwita piàoliang, mrembo, kila anapopita. Nikampa xièxie. Tulipofika kwenye vibanio, mwenye duka akamsifu kitenge chake. Mama akainamisha kichwa kwa adabu, akasema xièxie, halafu kabla sijafungua mdomo akaunganisha na neno lake la saba la Kichina, alilolipata mwenyewe bila mimi: "Xièxie. Piányi yìdiǎn." Asante. Punguza kidogo.