Nyumba ya Freddie: kwa nyinyi mlioanza kutembeza wageni msimu huu

Juzi nilipita Shangani nyuma ya kijana mwenye kitambulisho kipya shingoni. Kasimama mbele ya makumbusho ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, Barabara ya Kenyatta, kaelekeza kidole juu: "Hapa ndipo alipozaliwa Freddie Mercury." Wageni wakapiga picha. Mbele kidogo, mwenzake yuko chini ya roshani nyingine kabisa na maneno yale yale. Jamani, mtu huzaliwa mara moja.

1. Kila anayekuonesha nyumba muulize kwanza: kazaliwa hapa, au kaishi hapa? Freddie, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, alizaliwa Septemba 5, 1946, katika hospitali ya serikali hapa Unguja. Babake Bomi, Mparsi mwenye asili ya Gujarati, alikuwa keshia wa mahkama chini ya Mwingereza. Basi nyumba yoyote ya mjini inayodai alizaliwa chumbani mwake imeshaanguka. Linalobaki ni suala la makaazi, na hilo ndilo linalohitaji kazi.

Nami nilikuwa mkubwa wenu kwa uongo huu. Nilikuwa na dirisha langu la ghorofani, nikifika chini yake nashusha sauti, "chumba kile." Siku moja katika kundi alikuwemo bibi wa Kiparsi kutoka Mumbai, mtu mzima, mwavuli mkononi. Akaniuliza kwa upole mkunga alikuwa nani. Badala ya kusema sijui, nikamtaja mkunga aliyemzalisha mamangu Ng'ambo. Akauliza huyo mkunga alikuja kuitwa usiku au mchana. Usiku, nikasema, na mvua ikinyesha. Septemba! Bibi akafungua mkoba, akatoa kitabu cha maisha ya Freddie kilichojaa alama za penseli, akanionesha mstari wa hospitali bila kusema neno. Wageni wengine wakaanza kutazama viatu vyao. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kutoka hapo hadi Forodhani hakuna aliyeniamini tena, hata nilipotaja mwaka wa Beit el Ajaib, ambao nilikuwa naujua sawasawa. Bahashishi sikuitegemea, na haikuja.

2. Dai lisilo na mwaka si dai. Dadake Kashmira alizaliwa 1952. Freddie mwenyewe alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, katikati ya miaka ya hamsini, na familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Kwa hiyo ukiambiwa "alikulia hapa", uliza ni miaka ipi hasa, maana sehemu kubwa ya utoto wake hakuwepo kisiwani. Pia msikimbilie hati ya nyumba: mpangaji haandikwi kwenye hati. Jina la tajiri mwingine halikanushi kitu, wala halithibitishi. Tafuteni karatasi inayomfunga mpangaji na mlango: barua yenye anwani, faili la kazi la baba, fomu ya skuli. Nyaraka za Taifa zipo Kilimani, si mbali. Na ukioneshwa karatasi ya "1946" iliyoandikwa Barabara ya Kenyatta, irudishe kwa heshima. Mwaka huo hakuna aliyeita barabara hivyo.

3. Ukienda kwa wazee, usitaje Freddie. Ukimuuliza mzee "Freddie alikaa hapa?" atakujibu ndiyo, kwa adabu tu. Muulize: "Miaka ya hamsini nyumba hii walikaa akina nani?" Akikutajia mwenyewe Waparsi, keshia wa mahkama, mtoto aliyepelekwa India, hapo una kitu. Jina la Mercury kalichukua yeye mwenyewe mnamo 1970, akiwa London. Kumbukumbu inayoanza na "Mercury" imetoka redioni au kwenye kibao, haikutoka mtaani.

4. Jengo nalo huulizwa. Msidhani ni sisi tu: Kentucky, Marekani, kuna kibanda cha magogo ndani ya jengo la marumaru, kilichooneshwa miaka mingi kuwa ndicho alimozaliwa Abraham Lincoln mwaka 1809. Magogo yake yalishazungushwa kwenye maonesho, yakachanganyika na ya kibanda kingine, na kibanda kikapunguzwa ili kienee humo ndani. Walipokuja kupima pete za miti, wakakuta imekatwa miaka ya 1840, wakati Lincoln keshakuwa mtu mzima. Hawakukibomoa. Wanakiita kibanda cha mfano, na watu bado wanakwenda. Ila kwetu kipimo hiki kina mpaka: nyumba ya mawe na chokaa inaweza kuwa ya zamani kweli, na bado Bulsara hakuikanyaga.

5. Mbele ya makumbusho semeni hivi: hapa pamefunguliwa 2019, panazungumzia maisha ya familia na muziki wake, na kuzaliwa alizaliwa hospitali. Papasi wakiwacheka, waacheni. Mgeni akitaka kupiga picha ya mlango, mpisheni apige.