Jibu: Bei za ploti Wakiso, Uganda

> "Ardhi haiongezeki. Bei itaangukaje ghafla?"

Ndugu, angalia pesa inayonunua. Chukua ploti ya shilingi milioni 40: mnunuzi anatoa milioni 10 zake, anakopa milioni 30 kwa riba ya asilimia 18. Riba peke yake ni 450,000 kwa mwezi, na ploti tupu haimwingizii kitu. Anategemea bei ipande auze. Kwa hiyo haihitaji kushuka; ikisimama tu, amekwama. Wenzake waliokopa vilevile wanauza pamoja naye, na waliokuwa wakinunua kwa sababu inapanda wanatoweka. Ikishuka robo, milioni 10 zake zimekwisha.

Usiamini bei ya dalali, hiyo huchelewa kushuka. Uliza ploti ya mwisho iliuzwa lini, kwa pesa taslimu.