Kuacha kreatini wiki moja

"Wakuu kopo limeisha, hapa Mtwara mjini sijapata lingine, wiki nzima sijanywa, ndo nimerudi sifuri?"

Hapana mkuu. Mtu wa kilo 70 anakuwa na kama gramu 120 za kreatini, karibu zote zipo kwenye misuli, na kila siku kama asilimia 1.7 inageuka yenyewe kuwa kreatinini, unyanyue chuma usinyanyue, figo zinaitoa na mkojo. Hiyo ni gramu 2 hivi. Kama nusu mwili unatengeneza wenyewe, iliyobaki inatoka kwenye nyama na samaki, ndo maana hata asiyejua kopo hapungukiwi.

Sasa wewe tuseme ulijaza mpaka 150. Asilimia ni ileile ila mzigo umekua, kwa hiyo unapoteza 2.5 hivi na kinachoingia ni 2 tu, basi kwa wiki umepungukiwa gramu 4, labda na zaidi kidogo maana ulipokuwa unakunywa mwili ulipunguza kutengeneza. Kurudi ulipoanzia ni wiki 4 mpaka 6. Ukipata kopo anza na gramu 3 kwa siku, usirudie kujaza kwa dozi kubwa.

Aliyesema hapo juu ale jodari tu yuko sawa nusu, kilo nzima mbichi ina kama gramu 4, hesabu bei ya soko la samaki Feri ukila robo tatu kila siku 😂

Dada uliyeuliza kama kopo linaharibu kipimo cha figo, linaweza kupandisha kreatinini kidogo bila figo kuumwa, mwambie daktari unatumia, aamue yeye.