Afisa wa viza ya kazi akibisha hodi: maswali ya wasomaji walio Uingereza

*Nasimamia nyumba ya kulea wazee. Afisa wa uhamiaji akija ghafla na mkurugenzi hayupo, naweza kumwomba arudi kesho?* – Meneja, Leicester

Usithubutu. Mwajiri aliyepewa leseni ya udhamini alikubali tangu siku ya kwanza kukaguliwa, kwa taarifa au bila taarifa. Kumzuia afisa mlangoni kunaweza kuwa sababu ya leseni kufutwa, hata kama makaratasi yenu yote yako sawa.

Kwa hiyo wa kwanza kuandaliwa ni yule wa mapokezi, na huyo hahitaji kujua sheria. Amwombe afisa kitambulisho, aandike jina lake na saa kwenye kitabu cha wageni, ampeleke kwenye chumba chenye mlango wa kufunga, kisha apige simu. Namba mbili ziwe zimebandikwa mezani: ya yule aliyeandikwa kwenye mfumo wa udhamini, SMS, kuwa Authorising Officer, na ya msaidizi wake. Afisa akitaka kuzunguka jengo, aongozwe. Kumweleza kwamba chumba fulani mzee anaogeshwa si kumzuia.

Mara nyingi kinachokwamisha ni funguo. Mafaili yamefungiwa ofisini kwa mtu aliye likizo, na anayeweza kuingia SMS ni mmoja tu, naye yuko safarini. Nywila ya SMS hairuhusiwi kuazimana, kwa hiyo sajilini mtumiaji wa pili wa ngazi ya kwanza mapema. Kisha jipimeni: taja jina la mfanyakazi mmoja asubuhi ya siku ya kawaida, uone inachukua muda gani mkataba wake, ratiba zake za zamu, hati zake za mshahara, anwani na simu yake ya sasa kufika mezani. Yakichukua zaidi ya nusu saa, tatizo liko kwenye kabati lenu.

*Amepiga mtu akisema anatoka Wizara ya Mambo ya Ndani, akataka namba za pasipoti za walezi wetu watatu papo hapo. Tumjibu?* – Karani, Reading

Simu za kuhakiki kweli zipo, na siku hizi ukaguzi mwingine hufanyika kwa video. Lakini matapeli nao wanajua hilo. Chukua jina lake na kitengo chake, mwombe aandike ombi kwa barua pepe inayoishia na `@homeoffice.gov.uk`, na umwambie mhusika atamjibu leo hiihii. Angalia pia kama kuna ujumbe ndani ya SMS. Usiipigie namba aliyokupa yeye. Akidai malipo ya haraka ili leseni isifungwe, kata simu, maana wizara haikusanyi faini kwa njia hiyo.

Kuna kosa jingine la simu, na ni la watu wema: mhudumu aliyepokea anabahatisha. Anaulizwa kama fulani yupo kazini, anajibu, "Nadhani aliacha." Neno hilo moja linazaa faili la maswali. Wafundisheni wote wanaoshika simu kusema, "Mambo ya wafanyakazi yako kwa fulani, nakuunganisha naye."

*Walezi watahojiwa mmoja mmoja. Tuwaandikie majibu wayakariri?* – Ofisa utumishi, Birmingham

Hapana. Afisa anayesikia sentensi ileile kwa watu watano ameshapata alichokuja kutafuta. Mfanyakazi hahitaji majibu mapya. Anahitaji kukumbushwa mlichoiandikia wizara juu yake.

Mpeni kila mmoja nakala ya cheti chake cha udhamini, CoS, akae nayo nusu saa pamoja na msimamizi wake. Wasome cheo, kazi zilizotajwa, saa za wiki, mshahara na mahali pa kazi, kisha mfanyakazi aseme anachofanya kweli. Afisa atauliza mambo hayohayo: msimamizi wako nani, jana ulifanya nini, unalipwaje, kazi uliipataje. Kama kuna tofauti, bora iibuke kwenye kikao hicho.

Chukua mfano. Cheti kinasema mlezi, saa 39 kwa wiki, pauni 12.82 kwa saa, ambacho ndicho kima cha chini cha viza ya afya na ulezi kilichoanza 9 Aprili 2025. Kwa mwaka hiyo ni karibu pauni 26,000, yaani kama 2,166 kwa mwezi kabla ya makato. Afisa anafungua hati za mshahara na kukuta 1,555. Anagawanya, anapata saa 28 kwa wiki. Ratiba ya zamu inaonyesha wateja wawili walihama na hakuna aliyeziba pengo. Mlezi, akiulizwa, anasema ukweli: "Zamu zimepungua tangu Machi."

Hapo mlezi hana kosa. Kosa ni la ofisi, tena si moja. Mshahara ulioshuka hivyo ulipaswa kuripotiwa ndani ya siku 10 za kazi kupitia SMS, na kwa pauni 18,666 hivi kwa mwaka uko chini kabisa ya kima cha chini cha mwaka cha viza hiyo, pauni 25,000. Mlezi kukariri "nafanya saa 39" kungeongeza uongo juu ya upungufu, na benki yake ingemuumbua. Dawa ni kulinganisha vitu vitatu kila mwisho wa mwezi: cheti, ratiba, hati ya mshahara. Visipokubaliana, ripoti kabla hujaulizwa.

Na mfanyakazi aambiwe wazi kwamba "sijui" ni jibu halali, na kwamba akielemewa na Kiingereza aombe mkalimani.

*Wakala wa Nairobi alinitoza fedha nyingi, na bosi alinikata mshahara kwa ajili ya cheti cha udhamini. Ananiambia nikihojiwa niseme sikulipa kitu. Nifanyeje?* – Mlezi, Manchester

Usidanganye, ndugu yetu. Uongo kwa afisa unaihatarisha viza yako mwenyewe, wakati kulipa kwenyewe si kosa lako. Ada ya viza yako unaweza kuilipa wewe, lakini tozo ya ujuzi, ile Immigration Skills Charge, mwajiri haruhusiwi kukubebesha. Ada ya cheti kilichotolewa kuanzia 31 Desemba 2024 nayo ni hivyohivyo. Na ndani ya Uingereza, wakala haruhusiwi kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi kama ya ulezi.

Tunza stakabadhi, jumbe za WhatsApp na hati za mshahara zenye makato hayo, nje ya simu ya kazini. Hofu yako tunaielewa: leseni ya bosi ikifutwa, kwa kawaida viza hukatwa ikabaki siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Ndiyo maana ongea sasa na mshauri aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, kabla afisa hajafika.

*Mfanyakazi alinitumia picha ya viza yake ya kidijitali. Niiweke kwenye faili, inatosha?* – Mwenye wakala wa walezi, Luton

Haitoshi. Mwombe share code, ile inayoanza na herufi W, uiingize pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa kwenye ukurasa wa waajiri wa GOV.UK. Linganisha picha inayotokea na uso wake, uhifadhi ukurasa huo ukiwa na tarehe. Yote hayo yafanyike kabla hajaanza kazi, kwa sababu ukaguzi wa baadaye haukulindi kwa siku zilizopita. Faini kwa mfanyakazi mmoja asiye na haki ya kufanya kazi inafika pauni 45,000 kwa kosa la kwanza.